Maneno ya Kiswahili, Mpangilio wa Kiingereza

Soma sentensi hii mara moja tu, kisha ujaribu kumweleza jirani imesema nini:

"Mtu yeyote ambaye, bila ya sababu ya msingi, anashindwa kutii amri iliyotolewa na, au kwa niaba ya, Mkurugenzi chini ya kifungu hiki, atakuwa ametenda kosa na atawajibika, pale atakapotiwa hatiani, kwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kwa kipindi kisichozidi miezi 6 au vyote viwili."

Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini kila kipande chake ni cha kawaida katika sheria, masharti ya mikataba, fomu za maombi na matangazo yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Hakuna neno hata moja ndani yake linalomshinda msomaji wa kawaida. Amri anaijua, faini anaijua, kifungo anakijua. Hata hivyo akifika kwenye nukta hujikuta amepotea, anarudi mwanzo na kuanza kutafuta kwa kidole nani amefanya nini. Wengi hudhani kinachowasumbua ni ugumu wa sheria, au ni elimu yao ndogo. Mimi nasema ni mpangilio. Maneno yametafsiriwa, ila yameachwa yamesimama palepale yaliposimama maneno ya Kiingereza.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Nchini Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nchini Tanzania, marekebisho ya mwaka 2021 yaliyogusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miaka mingi ambapo sheria nyingi zilitungwa kwa Kiingereza na mahakama za juu kuandika hukumu zake kwa Kiingereza. Kwa hiyo kuna sheria nyingi za kutafsiriwa, na sentensi ya tafsiri haibaki kuwa msaada wa pembeni kwa asiyejua Kiingereza. Mtu atashtakiwa kwayo.

Turudi kwenye sentensi yetu, tuifungue polepole.

Inaanza na "mtu yeyote ambaye", halafu inakatwa na mkato. Kiingereza cha sheria hupenda kuchomeka maneno kati ya kiwakilishi na kitenzi chake, na msomaji wake amezoea kungoja. Katika Kiswahili, "ambaye" huita kitenzi kije karibu. Ukisema "mtu ambaye" kisha ukanyamaza, msikilizaji anabaki na swali mkononi: ambaye nini? Ukimtilia sababu ya msingi kabla hajajibiwa, amebeba vitu viwili. Kisha anasubiri tena, kwa sababu kitenzi kikuu, "atakuwa ametenda kosa", kinakuja mbali sana baada ya mtu tuliyeanza naye.

Kipande kinachofuata ndicho kinachonikera kuliko vyote: "iliyotolewa na, au kwa niaba ya, Mkurugenzi". Kiingereza kinaweza kupanga vihusishi viwili, kikaviacha vikingoja nomino moja iliyo mbele. Kiswahili hakifanyi hivyo. "Na" inayomtaja mtendaji huegemea nomino yake wakati wa kutamka, kiasi kwamba hakuna anayeweza kupumua kati yake na nomino hiyo. Jaribu kumwambia mtu kwa simu, "barua imeandikwa na," unyamaze kidogo, "au kwa niaba ya," unyamaze tena, "mwalimu." Atadhani mtandao unakatika. Mkato ule uliowekwa baada ya "na" hauna kazi katika Kiswahili. Upo kwa sababu ulikuwepo katika Kiingereza.

Baada ya hapo kuna "chini ya kifungu hiki". Kiingereza huweka mambo chini ya sheria. Kiswahili kina "kwa mujibu wa" tangu zamani, na hilo halihitaji maelezo zaidi.

"Anashindwa kutii" linahitaji. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kwamba fulani ameshindwa kulipa, anaelewa kwamba alijaribu au alitaka, uwezo ukakosekana. Kitenzi cha Kiingereza kilichotafsiriwa hivyo katika sheria kina maana pana zaidi: jambo lilipaswa kufanyika na halikufanyika, kwa kukataa, kwa kusahau au kwa uzembe. Sasa mchukue mshtakiwa aliyesimama mbele ya hakimu na sentensi ile mkononi. Anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba yeye hakushindwa, yeye alikataa, na kwamba kifungu kinawahusu walioshindwa. Mwenzake aliyekosa nauli ya kufika ofisini atasoma kwamba kushindwa kwake ndilo kosa lenyewe. Mwandishi wa sheria hakukusudia lolote kati ya hayo mawili.

Mwishoni kuna "atawajibika kwa faini" na "vyote viwili". Kitendo kimefichwa ndani ya nomino, wakati Kiswahili kina vitenzi vilivyo tayari: mtu hutozwa faini, mtu hufungwa. Na "vyote viwili" ni viti? Ni vitabu? Faini iko katika ngeli ya I-ZI, kifungo kiko katika KI-VI, na hakuna wingi mmoja unaozibeba zote mbili bila kutafutiwa nomino ya kuzikusanya. Nomino hiyo ipo, nayo ni adhabu.

Ukiiandika upya kwa kufuata mwendo wa Kiswahili, inakuwa hivi:

"Mtu akipewa amri na Mkurugenzi, au na mtu anayetenda kwa niaba ya Mkurugenzi, kwa mujibu wa kifungu hiki, kisha akaacha kuitii bila sababu ya msingi, atakuwa ametenda kosa. Akitiwa hatiani, atatozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au atafungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au atapewa adhabu zote mbili."

Hakuna kilichopunguzwa. Mkurugenzi yupo, mwakilishi wake yupo, sababu ya msingi ipo, viwango vyote viwili vya adhabu vipo. Kilichobadilika ni kwamba mambo sasa yanakuja kwa utaratibu yanavyotokea: mtu anapewa amri, anaacha kuitii, anatiwa hatiani, anaadhibiwa. Kazi hiyo imefanywa na silabi mbili ndogo. "Ki" katika "akipewa" inafungua sharti, na "ka" katika "akaacha" inalisogeza mbele. Kila anayesimulia kisa kwa Kiswahili anazitumia hivyo bila kufundishwa. Sharti likitangulia, msikilizaji anajua anasubiri tokeo. Kiingereza cha sheria mara nyingi hutangulia kumtaja mkosaji, kikalifunga sharti ndani ya kirai kinachomweleza mtu huyo. Mfasiri akilifuata hilo, anaiacha "ki" imelala bure.

Niliacha kuandika "asipoitii bila sababu ya msingi", ingawa ndiyo ingekuja haraka. Kanusho la kitenzi likikutana na "bila", msomaji hupiga hesabu ya hasi mbili na wengine hukosea. "Akaacha kuitii" inaondoa hesabu hiyo, na tena inawakusanya pamoja waliokataa, waliosahau na waliopuuza. Vilevile nimelirudia jina la Mkurugenzi badala ya kusema "kwa niaba yake", kwa sababu "yake" ingeweza kumrudia mtu aliyepewa amri. Katika habari ya gazeti ningelikwepa rudio hilo. Katika sheria silikwepi.

Mtu makini ataona pia kwamba "akipewa" iko katika kauli ya kutendwa. Wapo walimu wa tafsiri wanaosema kila kutendwa katika Kiswahili ni alama ya Kiingereza. Si kweli. Hapa kutendwa kunafanya kazi: kunamweka mtu yuleyule kichwani mwa sentensi tangu mwanzo hadi mwisho, ili "akaacha", "atakuwa" na "atatozwa" vyote vimrudie yeye na si Mkurugenzi. Kinachoharibu ni kutendwa kwa mazoea, kama pale fomu inaposema "taarifa zote zinapaswa kujazwa na mwombaji". Kiswahili kina njia nyingine ya kukitanguliza kitu kinachozungumziwa bila kumsukuma mtendaji nyuma: "Taarifa hizi zote, mwombaji azijaze mwenyewe." Ile "zi" iliyo ndani ya "azijaze" inazishika taarifa zilizotangulia, na mwombaji anabaki na kitenzi chake. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno hatakikumbuka kamwe. Hakuna neno la kumkumbusha.

Upatanisho wa ngeli huleta hatari nyingine, na hii inaweza kubadilisha haki ya mtu kimyakimya. Tuseme kanuni ya Kiingereza inataka mwombaji alete hati, cheti au kitambulisho, kisha maneno ya mwisho yanaeleza kwamba vitu hivyo viwe vimetolewa na Serikali. Katika Kiingereza maelezo hayo hayana ngeli, kwa hiyo yanaweza kuvishika vitu vyote vitatu. Mfasiri anafuata mpangilio uleule na kuandika: "hati, cheti au kitambulisho kilichotolewa na Serikali". Amelazimika kuchagua, na ngeli ya nomino iliyo karibu imemchagulia. "Kilichotolewa" inapatana na cheti na kitambulisho. Haipatani na hati. Kwa sarufi ya sentensi hiyo, hati inaweza kutoka popote, hata kwa wakala wa mtaani. Karani mmoja ataikubali, karani mwingine ataikataa, na kila mmoja atakuwa na sentensi ya kumtetea.

Hapa suluhisho ni kuacha kabisa kumfuata Mwingereza na kutanguliza sharti linalohusu vyote: "Mwombaji alete kimojawapo kati ya vitu hivi vilivyotolewa na Serikali: hati, cheti au kitambulisho." Neno la jumla linasimama mbele, upatanisho unalifuata hilo, orodha inakuja nyuma bila kubanwa na ngeli. Ni hatua ndogo, lakini mfasiri anayeogopa kugusa mpangilio hataichukua.

Si kwamba hatuna mifano mizuri ya kujifunzia. Tafsiri ya Kiswahili ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lile lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948, ina ibara ya kwanza ambayo ningependa kila mfasiri wa serikali aichunguze. Kiingereza chake, ukikipanga neno kwa neno, kingesema kwamba binadamu wote wamezaliwa huru na sawa katika hadhi na haki, na kwamba wanapaswa kutenda kuelekea mmoja na mwingine katika roho ya udugu. Sentensi hiyo inaeleweka, nayo imekufa. Mfasiri wa Azimio aliandika kwamba watu wote wamezaliwa huru, "hadhi na haki zao ni sawa", kisha akamalizia: "yapasa watendeane kindugu."

Tazama kilichotokea. "Sawa katika hadhi na haki" imegeuzwa: hadhi na haki zenyewe zimekuwa kiima, na usawa umekuwa habari yake. Halafu maneno yote ya kutenda kuelekea mmoja na mwingine yameingia ndani ya kitenzi kimoja. "Tenda" imepokea "e" ya kumwelekea mtu, ikapokea "an" ya kurudishiana, ikawa "watendeane". Roho ya udugu imekuwa "kindugu". Kiingereza kinasambaza maana hiyo katika vihusishi na nomino zilizopangwa mstarini. Kiswahili kinaikusanya ndani ya kitenzi kwa viambishi. Mfasiri anayetafuta mahali pa kuliweka kila neno la Kiingereza hawezi kufika kwenye "watendeane", kwa kuwa hakuna neno lolote la Kiingereza linalolingana nalo peke yake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inalisema jambo lililo karibu na hilo katika Ibara ya 12: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Nayo ina "hu" ya jambo la daima, ambayo haina kitangulizi wala kihusishi cha kuinakili. Njia mbili tofauti, na zote ni Kiswahili.

Kwa nini basi wafasiri wanaoongea vizuri kabisa nyumbani na vibarazani huandika vingine wakikaa mbele ya waraka? Nadhani jibu kubwa liko katika namna kazi yao inavyokaguliwa. Mkaguzi huweka kurasa mbili sambamba, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, akapitisha kalamu mstari kwa mstari. Kila neno la kushoto lisipoonekana mahali palepale kulia, anaweka alama. Mfasiri aliyehamisha sharti likaja mbele ana kazi ya kujieleza. Aliyeliacha mwishoni hana. Programu za kompyuta wanazotumia wafasiri wengi huongeza shinikizo hilo, maana huukata waraka kipande kimoja kimoja penye nukta, na kulihamisha wazo kutoka kipande cha tatu kwenda cha kwanza ni usumbufu. Halafu kuna hofu ya kweli ya wanasheria, waliosomea sheria kwa Kiingereza, kwamba kusogeza maneno ni kusogeza maana. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini mfano wa hati na cheti unaonyesha kwamba kutosogeza nako husogeza maana.

Ni lazima pia tujilinde na kosa la upande wa pili, la kuona Kiingereza kila mahali. Ibara ya 33 ya Katiba hiyohiyo ya Tanzania inaanza, "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Inafanana sana na namna Kiingereza cha sheria kinavyoanzisha ofisi mpya, na nimesikia watu wakiilaumu. Lakini "ku" ya mahali ni yetu: kuna mvua, kulikuwa na watu, kutakuwa na karamu. Haikuazimwa. "Amba" nayo inalaumiwa kupita kiasi. Katika sentensi fupi, "mtu ambaye anaishi" inaweza kuwa "anayeishi", na "mahali ambapo anaishi" ni nzito bure palipo na "anakoishi". Lakini sheria inapoorodhesha sifa za mtu anayefaa kuteuliwa, (a) awe hivi, (b) awe na vile, (c) hajawahi kufanya jambo fulani, "amba" ndiyo inayoweza kusimama peke yake juu ya orodha na kubeba vitenzi vyote vilivyo chini yake. O-rejeshi iliyo ndani ya kitenzi haiwezi, kwa sababu imefungwa kwenye kitenzi kimoja. Hapo mfasiri aiandike bila wasiwasi.

Namna ya ukaguzi inayonitia shaka zaidi ni tafsiri rejeshi, inayotumika sana katika fomu za ridhaa za tafiti za afya. Fomu ya Kiingereza inatafsiriwa kwa Kiswahili, mtu wa pili anakirudisha Kiswahili hicho katika Kiingereza bila kuiona fomu ya kwanza, kisha Kiingereza hizo mbili zinalinganishwa. Zikifanana, tafsiri inapita. Fikiria maana yake. Kiswahili kinachorudi kikiwa kimefanana zaidi na asili ni kile kilichokaa kama Kiingereza tangu mwanzo. Kipimo kinampa alama za juu mfasiri aliyenakili.

Chukua sentensi ya namna hii, ambayo kwa kipimo hicho ingepita bila swali: "Una uhuru wa kujitoa katika utafiti huu wakati wowote bila kutoa sababu yoyote na bila kuathiri huduma za afya ambazo unapokea au utapokea katika kituo hiki." Mpe mama aliyempakata mtoto wake kliniki aisome. "Bila" ikifuatwa na kitenzi cha "ku", Kiswahili humrudisha mtendaji yuleyule aliyetajwa mwanzoni. Wewe unajitoa, wewe hutoi sababu, na wewe huathiri huduma. Kwa hiyo kipande cha mwisho, kilichowekwa kumlinda, kinasomeka kama sharti juu yake: ajitoe, ila asije akaharibu huduma za kituo. Katika Kiingereza mtendaji ni kule kujitoa kwenyewe, na kinachotakiwa kisiathirike ni matibabu yake.

Yaliyokusudiwa yanaweza kusemwa hivi: "Unaweza kujitoa katika utafiti huu wakati wowote ukitaka. Hutaulizwa sababu. Matibabu unayopata hapa sasa, na utakayohitaji baadaye, utaendelea kuyapata kama kawaida." Ikirudishwa katika Kiingereza itarudi ikiwa sentensi tatu badala ya moja, na mlinganishaji ataweka alama nyekundu.

Kwa hiyo ukaguzi unahitaji msomaji wa namna nyingine, mtu asiyeonyeshwa Kiingereza kabisa. Apewe Kiswahili peke yake na aulizwe maswali yenye majibu: Nani anatakiwa kufanya nini? Asipofanya, nini kitampata? Ukijitoa leo, mtoto wako atatibiwa hapa kesho? Majibu yake ndiyo yalinganishwe na kusudio la waraka wa asili. Akijibu la tatu kwa kusitasita, sentensi irudi kwa mfasiri, hata kama kurasa mbili zilizowekwa sambamba zinalingana neno kwa neno.